Siku 28 za Salio: Jinsi ya Kuandaa Pesa za Viza ya Masomo Uingereza

Pesa iliyoingia benki wiki iliyopita ni pesa kama nyingine, lakini kwa afisa wa viza wa Uingereza bado haijahesabika. Itahesabika ikishakaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa, hata kwa siku moja. Vijana wengi wenye nafasi nzuri chuoni, na wazazi wao wakiwa na pesa ya kweli, huishia kunyimwa viza kwa sababu hesabu hiyo ya siku haikutimia, au kwa sababu karatasi hazikueleza pesa imetoka wapi.

Jambo hili linazigusa zaidi familia zetu, kwa kuwa wengi wetu hatuweki akiba ya miaka kumi benki tukingoja mtoto apate chuo. Pesa yetu iko kwenye kiwanja, kwenye mifugo, kwenye SACCOS, kwenye duka na mifukoni mwa ndugu. Barua ya chuo ikifika, ndipo mali inauzwa na michango inakusanywa. Hakuna kosa katika hilo. Ila pesa ya namna hiyo huingia kwenye akaunti kwa mkupuo, tena dakika za mwisho, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Makala hii inachukua mfano wa Uingereza, ambako kanuni zimeandikwa kwa uwazi, na inaeleza namna ya kuipanga pesa halali ili isomeke kama ilivyo.

Jua kwanza kiasi chenyewe

Kiasi kinachotakiwa kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa. Ya pili ni pesa ya kujikimu. Tangu Novemba 2025, pesa ya kujikimu ni paundi 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London, na paundi 1,171 kwa anayesoma nje ya London. Kozi ikiwa ya miezi tisa au zaidi, unahesabu miezi tisa tu. Kwa hiyo anayesoma nje ya London anatakiwa kuonyesha paundi 10,539 za kujikimu, na wa London paundi 13,761. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo viangalie tena kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, wiki ile ile unayoanza kupanga.

Tuchukue mfano wa binti wa Morogoro aliyepata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kilicho nje ya London. Masomo yanaanza tarehe 21 Septemba 2026. Ada ya mwaka ni paundi 18,000, na familia imekwisha kulipa paundi 5,000 za kushikilia nafasi. Chuo kikimpa hati ya kumthibitisha kuwa mwanafunzi, ile inayojulikana kwa herufi CAS, ndani yake kitaandika ada yote na kiasi kilichokwisha kulipwa. Zimebaki paundi 13,000. Ukijumlisha paundi 10,539 za kujikimu unapata paundi 23,539. Hicho ndicho kiasi chake.

Binti huyu asome hati hiyo kwa makini kabla ya jambo lingine lolote. Kama paundi 5,000 alizolipa hazijaandikwa humo, afisa anaweza kumdai aonyeshe ada yote. Dawa yake ni kukiomba chuo kirekebishe taarifa zake kabla hajatuma maombi. Vilevile, kama amelipia chumba katika mabweni ya chuo, malipo hayo hupunguza pesa ya kujikimu hadi kikomo fulani, mradi yawe yameonyeshwa.

Sasa tuigeuze kuwa shilingi. Kwa mfano huu tuseme paundi moja ni shilingi 3,400. Paundi 23,539 zinakuwa shilingi 80,032,600. Familia ikisimamisha salio kwenye shilingi milioni 81 itajiona imevuka, lakini imesimama ukingoni. Maafisa hubadilisha fedha kwa kutumia viwango vya tovuti ya OANDA vya siku ile maombi yanapotumwa, si vya siku pesa ilipowekwa benki. Paundi ikipanda hadi shilingi 3,500 kabla ya siku hiyo, kiasi kile kile kinakuwa shilingi 82,386,500, na milioni 81 hazitoshi tena. Ndiyo maana mwenye pesa ya shilingi anatakiwa kuweka ziada inayoeleweka, asilimia tano hadi kumi juu ya kiasi kinachotakiwa. Familia ya mfano wetu imelenga shilingi milioni 87.

Kalenda ya siku 28

Milioni hizo 87 zinatoka sehemu tatu. Baba ana shilingi milioni 22 kwenye akaunti yake, zilizokusanyika kidogo kidogo kutokana na mshahara. Kiwanja cha familia kimeuzwa kwa milioni 45, na mnunuzi ameziingiza kwenye akaunti ya baba tarehe 10 Juni. Mama amechukua akiba yake ya SACCOS, milioni 20, na kuihamishia kwenye akaunti ya baba tarehe 15 Juni.

Hesabu ya siku 28 haianzi tarehe 10, kwa sababu siku hiyo salio lilikuwa milioni 67 tu. Inaanza siku pesa ya mwisho inayokamilisha kiasi ilipoingia, yaani tarehe 15 Juni. Ukihesabu siku hiyo kuwa ya kwanza, siku ya 28 ni tarehe 12 Julai. Stetimenti iliyochapwa tarehe 10 Julai, hata iwe na muhuri wa benki kila ukurasa, inaonyesha siku 26 tu na itakataliwa. Baba anasubiri siku chache za ziada na kwenda benki tarehe 16 Julai.

Baada ya hapo kuna mpaka wa pili ambao wengi hawaujui. Siku ya mwisho inayoonekana kwenye stetimenti isizidi siku 31 kabla ya kutuma maombi. Stetimenti ya tarehe 16 Julai inafaa hadi tarehe 16 Agosti. Akichelewa kupita hapo itabidi achape nyingine, na salio liwe bado limesimama. Siku ya kutuma maombi ni ile unayolipia viza mtandaoni, si ile unayokwenda kituo cha viza kuchukuliwa alama za vidole.

Pia ujue namna maafisa wanavyosoma salio. Hawatazami wastani, wala hawatazami salio la siku ya mwisho peke yake. Wanatafuta siku ambayo salio lilikuwa chini kuliko zote katika zile 28. Tuseme tarehe 29 Juni umetokea msiba, baba akatoa milioni 8, akazirudisha tarehe 2 Julai. Kwa siku tatu salio lilikuwa milioni 79, chini ya kiwango. Hesabu yote imefutika na inaanza upya tarehe 2 Julai. Siku ya 28 sasa ni tarehe 29 Julai. Bado anaweza kuwahi masomo ya Septemba, kwa kuwa majibu ya viza kwa aliye nje ya Uingereza kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu, lakini muda wa kurekebisha kosa jingine lolote umekwisha.

Kwa hiyo akaunti ya viza iachwe itulie. Mshahara na matumizi ya nyumbani vipitie akaunti nyingine. Kama kuna ada ya shule ya wadogo, mkopo unaokatwa benki au makato ya kila mwezi, yahesabiwe mapema ili yasile ile ziada. Gharama za safari nazo zitengwe pembeni: ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu ambacho Watanzania na Wakenya wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita hutakiwa kufanya, na mchango wa huduma ya afya ambao kwa mwanafunzi ni paundi 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya mwaka mmoja kama ya binti huyu, mchango huo kwa kawaida huhesabiwa mwaka mmoja na nusu, paundi 1,164, kwa sababu viza yenyewe hupewa miezi ya nyongeza baada ya masomo. Kwa kiwango cha mfano wetu hizo ni karibu shilingi milioni nne. Zikichotwa kwenye akaunti ile ile kabla ya siku 28 kutimia, zinaweza kuiangusha hesabu nzima.

Akaunti iwe ya nani

Katika desturi zetu, anayemsomesha mtoto anaweza kuwa baba, mama, mjomba, shangazi au kaka mkubwa anayefanya kazi Muscat. Kanuni za Uingereza haziutazami ukoo hivyo. Pesa ya benki inayohesabiwa ni iliyo katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi wake, ya mlezi wake wa kisheria, au ya mume au mke anayeomba naye viza. Akaunti ya mjomba haihesabiwi, hata kama mjomba ndiye aliyemlea na ana barua ya mwanasheria. Akiwa mlezi kwa amri ya mahakama, hapo ni mlezi wa kisheria na mambo yanabadilika. Akiwa mlezi kwa desturi tu, haitoshi.

Pesa ikiwa kwa mzazi, stetimenti peke yake haikamilishi jambo. Kinahitajika cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kuwa huyu ni mtoto wa yule, na barua ya mzazi iliyosainiwa, inayosema mambo mawili: kwamba mwombaji ni mwanawe, na kwamba anamruhusu kutumia pesa hiyo kusoma Uingereza. Barua yenyewe ni fupi. Inataja jina kamili la mzazi, jina kamili la mtoto na namba yake ya pasipoti, chuo na kozi, benki na namba ya akaunti, kisha tarehe na saini.

Majina ndiyo huleta tabu hapa. Baba anaweza kuwa na majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mawili kwenye akaunti ya benki, na tahajia tofauti kwenye kitambulisho cha taifa. Kwetu kila mtu anajua ni yule yule, lakini afisa aliyekaa ofisini mbali anaona watu wawili. Tofauti hiyo irekebishwe benki mapema, au ielezwe kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili na kuambatishwa. Kuisahihisha baada ya kukataliwa ni kuchelewa.

Je, mjomba anayetaka kusaidia afanyeje? Ampe mwanafunzi au mzazi wake pesa hiyo moja kwa moja, kwa njia ya benki, na ikishaingia ndipo siku 28 zianze kuhesabiwa. Aandike barua kueleza kuwa ni zawadi, kiasi chake, tarehe aliyoituma, na kwamba hatarajii kurudishiwa. Ikiwa kweli ametoa, pesa imekuwa ya mwanafunzi na inahesabika. Ikiwa ametoa mkono mmoja na kungoja kurudishiwa kwa mwingine viza ikishatoka, barua hiyo ni ya uongo, na aliyeiwasilisha ndiye atakayeubeba uongo huo.

Aina ya akaunti nayo ina uzito. Pesa lazima iwe inaweza kutolewa wakati wowote. Hisa, hati fungani na mafao ya pensheni havihesabiwi, wala nafasi ya kukopa kupita salio. Vipande vya mifuko ya uwekezaji viuzwe, na pesa iingizwe benki kabla hesabu haijaanza. Amana ya muda maalumu iliyofungwa ni hatari, isipokuwa benki ithibitishe kwa barua kwamba mwenye nayo anaweza kuichukua papo hapo. Benki yenyewe iwe imesajiliwa, inatunza kumbukumbu kwa njia ya kielektroniki, na maafisa wanaweza kuwasiliana nayo kuthibitisha. Kwa sababu hiyo, pesa iliyo kwenye simu au kwenye kikundi cha akiba ihamishiwe benki mapema.

Mkupuo mkubwa na karatasi zake

Kuna imani iliyoenea kwamba pesa kubwa ikiingia kwa mara moja, viza imekwisha. Kwa Uingereza haiko hivyo. Kanuni ya siku 28 haikatazi pesa kuingia kwa mkupuo, inataka tu ikishaingia ikae. Lakini maafisa wana haki ya kujiuliza kama mwombaji ni mwanafunzi wa kweli na kama pesa ni yake kweli. Wanaweza kuwasiliana na benki, kuomba karatasi zaidi, au kumwita mwanafunzi kwenye mahojiano ya video. Hapo ndipo akaunti iliyokuwa na shilingi laki mbili kwa miaka miwili, ikapokea milioni 80 taslimu kutoka kwa mtu asiyejulikana, inapokuwa mzigo.

Kinachoondoa mashaka ni maelezo yanayolingana na karatasi. Turudi kwa familia ya Morogoro. Kwa kiwanja kilichouzwa milioni 45, wana mkataba wa mauziano unaotaja kiwanja, bei, muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Kiasi cha kwenye mkataba ni kile kile kilichoingia benki, na jina la mnunuzi ndilo linaloonekana kwenye stetimenti. Mambo haya mawili yalipangwa kwa makusudi. Mnunuzi alitaka kulipa taslimu, baba akasisitiza alipe kwa kuhamisha kutoka benki yake, kwa sababu noti zinazoingizwa dirishani haziachi jina la zilikotoka. Kwa milioni 20 za mama, wana barua ya SACCOS inayoonyesha uanachama wake, akiba yake na siku alipoitoa. Kwa milioni 22 za baba, wana stetimenti ya miezi sita inayoonyesha mshahara ukiingia.

Mkataba wa mauziano uko kwa Kiswahili. Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza inatakiwa kuambatana na tafsiri kamili inayoweza kuthibitishwa, yenye jina, saini na mawasiliano ya mfasiri, tarehe, na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi. Familia nyingi huuambatisha mkataba wenyewe peke yake, kisha ukawa kama haupo.

Binti aliandika ukurasa mmoja wa maelezo. Haukuwa na maneno ya kubembeleza. Ulitaja kiasi kinachotakiwa, akaunti iliko pesa, na mistari mitatu: tarehe, kiasi, chanzo, na karatasi inayothibitisha. Ingawa kanuni inataka siku 28 tu, aliambatisha stetimenti ya miezi sita ili pesa ya kiwanja ionekane ikiingia, kuliko kukata stetimenti siku moja baada ya mkupuo na kuacha afisa akijiuliza kilichofichwa. Baba na mama nao walimsimulia mpango wote, kwa sababu mwanafunzi asiyejua nani anamlipia na pesa imetoka wapi huweza kuangushwa na swali la kwanza la mahojiano.

Michango ya ukoo inafuata mantiki hiyo hiyo. Pesa ndogo ndogo kutoka kwa watu thelathini, zikiingia kwa simu ndani ya wiki mbili, zinaifanya stetimenti isomeke kwa tabu, na kila inayoingia baadaye husogeza mbele siku ya kuanza kuhesabu. Ni heri kamati ya familia ifunge michango kwa tarehe moja, iweke orodha ya wachangiaji na viasi, kisha ihamishe jumla kwenye akaunti ya mwanafunzi au mzazi kwa mara moja. Orodha iliyosainiwa na mhazini wa familia, pamoja na kumbukumbu za miamala ya simu, ndiyo maelezo ya mkupuo huo.

Salio la kukodi

Katika miji yetu wapo mawakala wanaojitolea kuweka mamilioni kwenye akaunti ya mwombaji kwa mwezi mmoja, kwa malipo, kisha kuyaondoa. Wengine huuza stetimenti iliyotengenezwa kwenye kompyuta. Haya hayawekwi kwenye kundi la kupanga pesa. Ni udanganyifu.

Stetimenti ya kughushi hugunduliwa kwa njia rahisi: afisa huwasiliana na benki, na benki inajibu kuwa haiijui. Atakayebainika kutumia udanganyifu katika maombi hukataliwa, na anaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10. Fomu za viza za nchi nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa kwingine, kwa hiyo doa hilo linakufuata. Na hata salio la kukodi likipita, mwanafunzi anashuka uwanja wa ndege akiwa hana pesa ya chumba wala ya ada iliyobaki. Viza ya masomo kwa kawaida humruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na hizo hazilipi ada ya chuo. Wakala hayupo tena kumsaidia.

Stetimenti mezani

Siku ya kwenda benki, kagua karatasi kabla hujatoka mlangoni. Iwe na jina la mwenye akaunti, namba ya akaunti, jina na nembo ya benki, tarehe, na miamala yote pamoja na salio kwa siku 28 au zaidi. Badala ya stetimenti unaweza kuomba barua ya benki inayotamka kuwa kiasi fulani kimekuwepo kwa siku 28. Barua inayosema tu kwamba leo kuna salio fulani haitoshi, na hiyo ndiyo ambayo dawati nyingi za benki huandika usipowaeleza. Mwandikie ofisa wa benki kwenye karatasi sentensi unayoihitaji, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Ukitumia akaunti zaidi ya moja, jumla yake ndiyo inayotazamwa, na zote zionyeshe siku zile zile. Pesa ikihama kutoka akaunti moja kwenda nyingine katikati ya kipindi, hakikisha stetimenti zote mbili zimeambatishwa, la sivyo itaonekana kama mkupuo mpya. Rahisi zaidi ni akaunti moja.

Nafasi ya kurekebisha baadaye ni finyu. Anayekataliwa akiwa nje ya Uingereza anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya kwa paundi 80, lakini mapitio hayo yanatafuta kosa la afisa, hayapokei stetimenti mpya. Kuomba tena kunamaanisha kulipa ada upya na kukiomba chuo kitoe CAS nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza hutumika mara moja tu.

Nchi nyingine zina mtindo wao. Kanada huorodhesha stetimenti za miezi minne iliyopita miongoni mwa vithibitisho vya pesa, kwa hiyo mkupuo wa mwezi uliopita unaonekana wazi na unahitaji maelezo. Ujerumani humtaka mwanafunzi aweke pesa ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904, kisha humfungulia yuro 992 kila mwezi. Kabla ya kuiga ushauri wa jirani aliyepata viza, hakikisha mlikuwa mnaomba nchi moja.

Kwa anayelenga masomo ya Septemba, pesa yote iwe imetulia kwenye akaunti kufikia katikati ya Juni. Ikifika Agosti na kiasi hakijatimia, kiombe chuo kikusogeze hadi Januari au mwaka unaofuata. Vyuo vingi hukubali, na muhula uliosogezwa ni hasara ndogo kuliko miaka 10 ya kufungiwa mlango.